Elfu tatu za babu zimekwenda wapi?

Mtoto aliye Dar es Salaam anatuma shilingi 50,000 nyumbani, kisha anapiga simu: "Baba, nimekutumia elfu hamsini." Kwake kazi imekwisha. Kwa mzee ambaye hajawahi kutoa pesa kwenye simu, kazi ndiyo kwanza inaanza, na mara nyingi inaanza kwa ugomvi na wakala.

Jambo hili lilimkuta wakala mmoja wa Makanya, wilayani Same, pale ambapo magari ya Suji huiacha lami na kuanza kupanda mlima. Mama huyu ana kibanda kidogo, meza, simu za kazi na daftari la miamala. Mzee mmoja aliyeteremka kutoka mlimani alifika na elfu hamsini zake kwenye simu, akataka apewe elfu hamsini mkononi. Simu ikakataa: salio halitoshi. Mama akamshauri atoe elfu arobaini na saba. Mzee akapokea, akahesabu mara mbili, akauliza, "Mwanangu, na hizo elfu tatu umeziweka wapi?"

Mama alieleza, lakini maelezo yanayotolewa baada ya pesa kupungua huonekana kama utetezi. Mzee alipanda gari akiamini ameibiwa, na wiki ile wateja wawili wa kijiji chake walipita kibandani bila kusimama.

Hesabu yenyewe haikuwa na wizi. Tuichukue kwa namba za mfano, maana kila mtandao una viwango vyake. Tuseme makato ya kutoa elfu arobaini na saba ni shilingi 2,200. Jumla ni 49,200. Kwa hiyo kati ya zile elfu tatu, 2,200 zilikatwa na kampuni ya simu, na 800 bado zilikuwa kwenye simu ya mzee. Mama hakugusa hata senti. Yeye hulipwa kamisheni na kampuni. Binti naye alidhani amemaliza kila kitu, kwa kuwa alikatwa wakati wa kutuma. Hakujua kwamba makato ya kutuma ni mengine na ya kutoa ni mengine.

Ukutani karatasi ya viwango ilikuwepo. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa madaraja: kuanzia kiasi fulani hadi kiasi fulani, makato ni haya. Anayeizoea anaielewa. Anayekuja mara ya kwanza ana swali tofauti kabisa: ili nipate hii mkononi, simu iwe na ngapi? Karatasi haimjibu hadi ajumlishe mwenyewe, amesimama, watu wanasubiri nyuma yake.

Basi mama akaiacha karatasi ya kampuni mahali pake, na kando yake akabandika bango lake la mkono lenye safu mbili tu. Kushoto: "Unataka mkononi." Kulia: "Simu iwe na." Kwa makato ya mfano ya 2,500, mstari wa elfu hamsini ungesomeka hivi: mkononi 50,000, simu iwe na 52,500. Hakuweka viwango vyote; alichagua vile vinavyoulizwa zaidi, kama elfu kumi, ishirini, thelathini, hamsini na laki. Kwa wasiosoma vizuri, alichora noti kwa rangi: noti ya elfu kumi ni nyekundu yenye tembo, na hata asiyejua herufi anaifahamu.

Chini ya safu hizo aliandika sentensi tatu: "Kuweka pesa kwenye simu yako ni bure. Makato ya kutoa huchukuliwa na kampuni kutoka kwenye simu yako. Usimpe wakala pesa ya makato mkononi." Sentensi hizi zinambana hata yeye mwenyewe, na hapo ndipo mteja anapoanza kumwamini. Siku akijisahau akaomba "elfu moja ya kutolea", mteja atanyoosha kidole ukutani.

Hatua za kutoa pesa nazo alizipanga upya, karatasi moja kwa kila mtandao. Ya M-Pesa ilisomeka hivi:

1. Mwambie wakala kiasi unachotaka. Atakwambia kama pesa ipo.
2. Kwenye simu yako bonyeza *150*00# kisha tafuta maneno "Toa Pesa".
3. Andika namba ya wakala iliyo hapa ukutani, kisha kiasi.
4. Jina la wakala likitokea, lilinganishe na lililoandikwa hapa.
5. Weka namba ya siri mwenyewe. Wakala haiulizi.
6. Subiri meseji. Hesabu pesa kabla hujaondoka.

Hatua ya kwanza inaonekana ndogo, lakini huokoa mengi. Wakala anaweza kuishiwa pesa taslimu mchana. Mteja akishakamilisha muamala ndipo aambiwe noti hazipo, pesa yake imehamia kwa wakala naye hana kitu mkononi. Katika hatua ya pili mama aliandika maneno ya menyu badala ya kusema "bonyeza mbili", kwa sababu kampuni zikipanga menyu upya namba hubadilika na mgeni hupotea.

Pesa ya kuweka ina hatari yake. Hapo bango linasema: "Taja namba yako, usikie jina lako, kisha toa pesa. Usiondoke hadi meseji iingie kwenye simu YAKO." Tarakimu moja ikikosewa, pesa huenda kwa mtu mwingine, na jina ndilo linalofichua kosa mapema.

Juu ya bango kuna tarehe. Watanzania wanakumbuka Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza, kisha Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Karatasi iliyobaki ukutani bila tarehe ilimfanya wakala mkweli aonekane mwongo. Viwango vikibadilika, mama hung'oa bango zima na kuandika jingine. Hafuti namba kwa kalamu, kwa sababu namba iliyofutwa huzua swali.

Namna yake ya kulipima ni rahisi. Mteja mgeni akishasoma, anamwuliza, "Babu, ukitaka elfu ishirini, simu iwe na ngapi?" Akijibu sawa, bango limefanya kazi. Wageni watatu wakikosea mstari uleule, mstari huo ndio mbovu, uandikwe tena.

Bango lina mpaka wake. Bibi asiyeona vizuri bado atataka kumkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti. Hapo mama humsomea hatua moja moja, bibi anabonyeza, au anamwomba arudi na mjukuu. Hupoteza dakika kumi, lakini namba ya siri inabaki kwa mwenyewe.

Kwa mtoto aliye mbali, sehemu yake ni fupi. Kabla ya kutuma, angalia makato ya kutoa, uyaongeze juu ya kiasi, kisha umwambie mzazi namba mbili: "Mama, kwenye simu utaona 52,500. Mkononi dai elfu hamsini kamili." Mzazi akishika namba hizo mbili, atajua cha kudai hata kwa wakala ambaye hana bango.