Mtaji Usioliwa: Hesabu za Kibanda Chetu cha Kibera

Kila jioni kabla ya kufunga kibanda chetu pale Makina, Kibera, sisi ndugu wawili tunahesabu mara mbili. Mmoja anahesabu noti zilizo ndani ya droo, mwingine anasoma salio la floti kwenye simu ya uwakala. Kisha tunajumlisha. Jumla ikiwa shilingi 100,000, tunafunga mlango kwa utulivu wa moyo. Ikipungua hata shilingi mia, hatuondoki mpaka tujue imekwenda wapi. Hatukuanza hivyo. Tuliifikia desturi hii baada ya kuadhibika, na ndiyo tunayotaka kuwasimulia akina mama na mabinti wanaofikiria kufungua uwakala wa M-Pesa.

Tulihamia kutoka Mombasa tukiwa na ujuzi wa kushona na mahamri, tukakaribishwa na majirani Wanubi ambao wazee wao walipewa mahali hapa na serikali ya kikoloni baada ya kutumikia jeshi, wakati bado ni msitu. Na jina la Kibera lenyewe kwa lugha yao lina maana hiyo ya msitu. Mtaji hatukuwa nao. Wapo waliotupa shauri la kukopa kwa riba, tukakataa. Ami yetu wa Mombasa akatoa shilingi 100,000 kwa mapatano ya mudharaba: fedha zake, kazi yetu, faida ikipatikana, thuluthi moja yake na thuluthi mbili zetu. Hasara ikitokea bila ya kosa letu, ni ya mtaji wake. Ikitokea kwa uzembe wetu, ni deni letu.

Mgeni wa kazi hii hudhani kwamba wakala ana fedha nyingi. Ukweli ni kwamba ana fedha moja yenye sura mbili. Tulianza na floti 60,000 ndani ya simu na taslimu 40,000 ndani ya droo. Mteja akija kuweka 2,000, droo inapanda na kuwa 42,000, floti inashuka kuwa 58,000. Akija mwingine kutoa 2,000, mambo yanarudi yalivyokuwa. Siku nzima fedha inahama kutoka sura hii kwenda ile, lakini jumla haibadiliki. Wala kamisheni haionekani ndani ya droo. Inajikusanya kwingine, muamala kwa muamala, na kulipwa mara moja baada ya mwezi kwisha. Kwa hiyo kila shilingi unayoishika mchana ni mtaji, si chumo.

Hapo ndipo tulipoteleza. Kodi ya kibanda ni shilingi 5,000, na mwenye nyumba huja tarehe tano. Mwezi wa tano wa biashara, kamisheni ilikuwa haijaingia. Tukatoa 5,000 kwenye droo, tukaambiana tutarudisha. Wiki iliyofuata mtoto akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, tukatoa 6,000 nyingine. Kamisheni ilipokuja ilikuwa na wenyewe tayari: unga, dawa, nauli ya mgonjwa. Hatukurudisha kitu.

Mwisho wa mwezi tukakaa kuhesabu. Tulitarajia 89,000, tukapata 86,500. Zile 2,500 zilizozidi kupotea zilitusumbua usiku kucha, mpaka tukapitia daftari na miamala ya simu mstari kwa mstari. Kijana mmoja alituonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametoa 2,500, nasi, kwa haraka ya foleni, tukampa noti bila kungoja ujumbe ufike kwenye simu yetu. Haukufika kamwe. Ujumbe wake ulikuwa wa kughushi.

Madhara yake hayakuishia hapo. Jioni za mwisho wa mwezi ndizo watu wanapokuja kutoa mishahara, na droo yetu ilikuwa ikikauka kabla ya Isha. Mteja anayeambiwa mara mbili kwamba hakuna taslimu harudi mara ya tatu. Kabla ya hapo tulikuwa tukifanya miamala kama 70 kwa siku. Ikashuka hadi 50. Kwa wastani wa shilingi tisa kwa muamala na siku 26 za kazi, kamisheni iliporomoka kutoka 16,380 hadi 11,700. Tulikuwa tumekula mtaji, na mtaji ulipopungua ukala kamisheni.

Tulimpigia ami simu, tukamweleza yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wanangu, mmefanya vyema kuniambia. Sasa semeni wenyewe: katika hizo 13,500, zipi ni ajali?" Tulitafuta, hatukuona. Kodi na karo tuliziondoa kwa mikono yetu, na zile 2,500 zilipotea kwa kutongoja. Tukakubali deni lote, tukamlipa 1,500 kila mwezi kutoka fungu letu kwa miezi tisa.

Tuliuza bangili moja ili tupate kodi ya mwezi mmoja iliyo nje kabisa ya mtaji. Tangu siku hiyo kodi ya mwezi huu hulipwa na kamisheni ya mwezi uliopita, na mwenye nyumba anapobisha hodi hatuitazami droo. Anayetaka kuanza na aweke kando kodi ya miezi miwili, mbali na floti na taslimu, kwa kuwa kamisheni daima huja nyuma ya kodi.

Wateja waliporejea, bajeti yetu ya mwezi wa kawaida ikawa hivi. Kamisheni 16,380. Humo hutoka kodi 5,000, umeme 600, nauli za kwenda benki kusawazisha floti 1,300, mlinzi wa usiku 700, fungu la leseni ya kaunti 450, na akiba ya hasara 800. Jumla ya matumizi ni 8,850. Inabaki 7,530: ya ami 2,510, yetu 5,020. Si utajiri, ndiyo maana mmoja wetu bado anashona hapo hapo kibandani.

La mwisho ni mpaka wa taslimu. Tangu 2023 mteja huruhusiwa muamala mmoja wa hadi shilingi 250,000, na 500,000 kwa siku. Lakini mpaka wa kibanda huwekwa na mtaji wake na usalama wa mtaa. Hatumpi mtu mmoja zaidi ya 15,000, kwani akichukua zote, kumi walio nyuma yake wataondoka mikono mitupu. Na droo ikivuka 50,000, mmoja wetu hufunga buibui, akapanda bodaboda kabla ya jua kuzama, akazipeleka benki zikageuke floti. Jambazi hujua kibanda chenye fedha nyingi kabla ya mwenye kibanda kujua. Ila siku za mishahara tunafanya kinyume: tunaichukua taslimu benki asubuhi, kwa kuwa tunajua jioni itatakiwa.

Jana usiku droo ilikuwa na 37,450, na simu 62,550. Tukajumlisha, tukatazamana, tukasema alhamdulillahi. Kisha tukazima taa, tukafunga.