Asilimia 30 Si Tarehe ya Kufa

Kuna namba moja inasumbua familia nyingi: karibu asilimia 30. Ukitafuta mtandaoni saratani ya matiti hatua ya nne, hiyo ndiyo utaona, "kuishi miaka mitano". Binamu yangu aliitupa kwa grupu ya familia siku ile shangazi alipata majibu. Kufikia jioni watu walikuwa washaanza kumwongelea kama mtu ametuacha. Eti ako na miaka mitano, wengine eti asilimia 30 ya mwili ndiyo iko sawa. Zii, haiko hivyo.

Hiyo namba imetoka kwa rekodi za wagonjwa wa Marekani. Chukua wanawake 100 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa mpaka mifupa, ini au mapafu. Hesabu miaka mitano kutoka siku waliambiwa. Karibu 30 bado wako. Basi, hapo ndipo hesabu inaishia.

Sasa angalia kile imeficha. Kati ya wale 70, kuna aliyekufa mwezi wa pili na kuna aliyefika mwezi wa 59, na wote wamewekwa kapu moja. Kwa wale 30, kuna atakayekufa mwezi wa 61 na kuna atakayeishi miaka 15, nao pia ni kapu moja. Na "yuko hai" haimaanishi amepona. Wengi wao bado wako kwa dawa.

Tena, ili umjue mtu kama amemaliza miaka mitano, lazima awe aliambiwa zaidi ya miaka mitano iliyopita. Kwa hivyo namba ya leo inaongea kuhusu matibabu ya jana. Saratani yenye protini ya HER2 kwa wingi ilikuwa inaogopwa sana kabla dawa ya trastuzumabu kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Aliyeugua miaka ya tisini mwanzoni na anayeipata dawa hiyo leo hawako kwa safari moja. Lakini pia, maze, tusijidanganye: mgonjwa wa Marekani hakungoja pesa ya kipimo ichangwe kwa harambee. Namba inaweza kukosea pande zote mbili.

Inasaidia kulinganisha makundi. Inaonyesha wazi kwamba kuigundua mapema kunabadilisha mambo, maana ikiwa bado haijatoka kwa titi, ni karibu 99 kwa 100. Lakini haijui shangazi ako na umri gani, ini lake liko aje, wala uvimbe wake unalishwa na homoni ama la.

Hayo daktari ndiye anajua. Muulize HER2 imesema nini, imesambaa wapi, na skani baada ya miezi mitatu ya dawa inaonyesha uvimbe umepungua ama umeongezeka. Ukitaka kujua muda, mwombe akueleze mambo yakienda vizuri sana ni kama muda gani, yakienda vibaya ni gani, na wengi huangukia wapi katikati.