Saa Tatu na Nusu Baada ya Daku

Leo ninaandika juu ya kosa lililotendeka nyumbani kwetu, nami nilikuwa na mkono ndani yake. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye mwenye habari hii, ameniruhusu kuisimulia.

Dada huyu ana maradhi ya hisia zinazopanda mno na kushuka mno. Kuna majirani walioyaita jini, na mimi mwenyewe nimemsomea kisomo mara nyingi na ningali namsomea, lakini dawa hatukuiacha. Dawa yenyewe ni lithiamu, tembe ya miligramu 400 asubuhi saa 2 na nyingine usiku saa 2. Kila baada ya miezi kadhaa hupimwa damu. Siku ya kupimwa huambiwa aende kliniki bila kumeza tembe ya asubuhi, akaimeze akishatolewa damu. Kwa miaka mingi tulilifuata agizo hilo bila kuuliza sababu yake, na majibu yalikuwa karibu na 0.7.

Ikaingia Ramadhani. Akaniuliza, "Kaka, dawa ya asubuhi nitaifanyaje?" Nikamjibu upesi, kama tujibuvyo sisi tuliozoea kuulizwa: meza moja baada ya kufuturu, na nyingine wakati wa daku. Nilidhani nimemrahisishia. Kuhusu kutolewa damu nilimwambia kwamba kiasi kidogo cha kupimwa hakifunguzi saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi. Saa ya kutolewa damu hiyo haikunipitia akilini kabisa.

Siku ya kliniki alikula daku, akameza tembe yake saa 10 na nusu alfajiri, na saa 2 asubuhi akatolewa damu. Majibu yakaja 1.2. Pembeni mwa karatasi palichapwa kiwango kinachotakiwa, 0.6 hadi 1.0. Daktari wake wa siku zote hakuwapo. Aliyekuwapo aliiona namba imevuka mpaka, akaogopa sumu, akaipunguza dawa iwe tembe moja tu kwa siku. Simlaumu sana kwa hofu yake, kwani lithiamu ni dawa ambayo kipimo chake cha kuponya na kipimo chake cha kudhuru ni majirani. Lakini hakuuliza swali ambalo lingeyageuza mambo yote.

Wiki ya kwanza baada ya Idi usingizi ukaanza kumtoka. Saa 8 za usiku yuko jikoni anakaanga kaimati za kugawia mtaa mzima. Akachukua leso kwa mkopo, doti 20, akisema anafungua duka. Maneno yakawa yanamtoka mbio hata watoto wake hawakuweza kumfuata. Mume wake alinipigia simu alfajiri moja akilia, na huyo ni mtu mzima ambaye sikupata kumwona analia hata kwenye maziko ya mamake.

Tulimpeleka kwa daktari wake wa zamani. Kabla ya yote aliomba ile karatasi ya Ramadhani, akaitazama, kisha akauliza: "Dawa ya mwisho alimeza saa ngapi, na damu ilitolewa saa ngapi?" Nikahesabu kwa vidole. Saa tatu na nusu. Akaiweka karatasi mezani akasema, "Namba hii haiwezi kusomwa kwa kiwango hiki."

Akatueleza kwa utaratibu. Tembe ya kawaida ya lithiamu ikimezwa, dawa huingia kwenye damu na kufika kileleni ndani ya saa moja hadi tatu hivi. Zile zinazoyeyuka polepole huchelewa zaidi. Wakati huo damu imejaa dawa, lakini sehemu kubwa haijatawanyika mwilini. Ubongo, ambako ndiko kazi yenyewe iliko, huipokea taratibu. Saa zinavyopita dawa hutoka kwenye damu na kuingia viungoni, na figo nazo huiondosha kwa njia ya mkojo. Ikifika saa ya 12 tangu kumeza, kushuka kunakuwa kwa polepole, na namba inakuwa na utulivu wa kuweza kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Kile kiwango cha 0.6 hadi 1.0 kimewekwa kwa damu iliyotolewa saa 12 baada ya dawa, wala si saa nyingine. Nikakumbuka ramani za mabaharia, ambazo kina chake huandikwa kwa maji yaliyokupwa. Nahodha apimaye maji yakiwa yamejaa, kisha akalinganisha na ramani, atadhani mwamba umeshuka chini.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mtu akimeza saa 2 usiku na akatolewa damu alasiri ya siku ya pili, namba huonekana ndogo kuliko ilivyostahili, naye huenda akaongezewa dawa asiyoihitaji. Na aliyeacha dawa siku tatu kisha akameza asubuhi ya kliniki aweza kutoa namba nzuri ya kumridhisha kila mtu.

Nikamuuliza: je, kama 1.2 ilikuwa kweli? Saumu humkausha mtu, nasi tuko pwani na joto letu. Alilipenda swali hilo. Akasema maji na chumvi vikipungua mwilini, figo huishika lithiamu isitoke, na hata dawa za maumivu kama ibuprofeni hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ile namba huenda ilikuwa na ukweli ndani yake. Ila hapakuwa na njia ya kujua. Dada hakuwa akitapika wala kuharisha, mikono haikutetemeka kwa nguvu, hakuyumba wala ulimi haukuwa mzito. Mgonjwa mwenye dalili hizo hukimbizwa hospitali mara moja, saa yoyote aliyomeza. Asiye nazo hurudishwa kesho yake kwa saa yake, akapimwa na figo pia, ndipo dawa iguswe.

Damu ya siku hiyo, iliyotolewa saa 12 kamili baada ya tembe yake moja, ilisoma 0.3. Akarudishiwa miligramu 800, zote kwa mkupuo mmoja saa 2 usiku, ili saa ya kupimwa isigongane tena na asubuhi. Alitutahadharisha kwamba kwa mpango huo namba ya asubuhi itapanda kidogo kuliko zamani ingawa dawa ni ile ile. Pia tusipime kesho wala kesho kutwa, kwa kuwa dawa huchukua siku tano hadi saba kutulia kila kipimo chake kinapobadilishwa. Baada ya wiki tulipata 0.8. Usingizi ulichukua muda mrefu zaidi kurudi, na deni la leso tulilimaliza mwezi wa Mfungo Tatu.

Mfamasia mmoja jirani yetu, nilipomsimulia, aliniambia kuwa digoksini, dawa ya moyo, nayo ina saa zake: damu isitolewe kabla ya saa sita kupita tangu kumeza. Na mtu wa maabara akanionya juu ya kichupa chenye kifuniko cha kijani, kwani baadhi yake huwekwa heparini ya lithiamu ndani, na damu ikitiwa humo hupimwa pamoja na lithiamu ya kichupa.

Ramadhani iliyofuata dada hakufunga. Daktari alimkataza, nami safari hii sikuwa na la kuongeza. Siku ya kliniki huenda na kijikaratasi mkobani: tembe saa 2 usiku, sindano saa 2 asubuhi. Humpa mtu wa maabara kabla hajanyoosha mkono.