Likaguliwe na Nani?

Juu ya jokofu la chanjo la zahanati yetu palikuwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe: "Joto la jokofu likaguliwe na kurekodiwa mara mbili kwa siku, na hatua stahiki zichukuliwe panapotokea tatizo." Nilijivunia sentensi ile. Ilisikika kiofisi.

Jumatatu moja nilifungua jokofu nikakuta kidhibiti joto kimezungushwa hadi mwisho. Ijumaa umeme ulikuwa umekatika, na uliporudi mtu alitaka jokofu lipoe haraka. Fomu ilionyesha nyuzi 4, nyuzi 4, nyuzi 4, kwa kalamu ileile, hadi Jumapili ambayo zahanati hufungwa. Kile kipimajoto cha kielektroniki kinachokaa kati ya chanjo kilisema jingine: Jumamosi usiku joto lilikuwa limeshuka chini ya -0.5 kwa zaidi ya saa nzima, na alama ya hatari ilikuwa imewaka.

Chanjo ya penta, ya nyumonia na ya pepopunda haziponi zikiganda. Tena baada ya kuyeyuka, kichupa huweza kuonekana kizima machoni, na kile kibandiko chake cha duara na mraba hupima joto lililozidi tu, baridi hakiijui. Tulizitenga zote. Zile za surua-rubela na kifua kikuu, ambazo ni unga, hazidhuriki kwa kuganda, zikabaki.

Mganga mfawidhi aliuliza nani alipaswa kukagua. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Nilirudi kwenye karatasi yangu nikaisoma upya: likaguliwe, kurekodiwa, zichukuliwe. Vitenzi vitatu, na hakuna hata kimoja chenye mtu. Kiswahili kilikuwa kimenipa maficho mazuri. Nilipoipasua sentensi nilikuta kazi tano ndani yake: kusoma, kuandika, kuamua kama namba ni mbaya, kutoa taarifa na kuokoa chanjo.

Tukaanza upya. Sheria zilikuwa mbili: kila hatua ianze na mtu, kisha kitenzi kimoja. Mtu tulimtaja kwa cheo, si kwa jina, kwa sababu majina huhama na huenda likizo; jina la mwenye zamu lingesomwa kwenye ratiba ya zamu iliyo pembeni. Rasimu ya kwanza ilisema, "Muuguzi wa zamu anasoma kipimajoto na kuandika namba." Tuliisimamisha kwenye ile "na". Anayesoma saa 2 asubuhi akaitwa wodini huandika saa 6 mchana kwa kukumbuka, na kumbukumbu hupenda namba 4. Zikawa hatua mbili.

"Hatua stahiki" nayo ilivunjika hivi:

3. Muuguzi wa zamu anampigia simu mratibu wa chanjo namba ikiwa chini ya 2 au juu ya 8.
4. Mratibu wa chanjo anabandika alama ya "Usitumie" mlangoni mwa jokofu.
5. Mratibu wa chanjo anaandaa kasha baridi.

Kidhibiti joto tulikipa mstari wake: anayekigusa ni mratibu peke yake. Jumapili ilitusumbua zaidi, maana aliyekuwepo ni mlinzi tu. Mmoja wetu alipendekeza tuandike "mtumishi yeyote aliyepo." Tukacheka, kwa sababu "yeyote" ndiye aliyetuharibia chanjo. Tukamwandika mlinzi, tukamfundisha kusoma namba.

Kisha nilimpa karatasi muuguzi mgeni, nikakaa kimya nikimwangalia. Alikwenda vizuri hadi hatua ya 5. Alitoa pakiti za barafu kwenye friza, zikiwa ngumu kama jiwe, akazipanga moja kwa moja kwenye kasha. Hivyo ndivyo chanjo inavyogandishwa mara ya pili! Neno "anaandaa" lilikuwa limeficha kazi nzima. Tukaongeza hatua kabla yake: mratibu anaziacha pakiti mezani mpaka akizitikisa asikie maji ndani.

Sentensi yangu moja ikawa hatua 11. Ili zitoshe ukurasa mmoja, maelezo ya sababu niliyahamishia karatasi nyingine ya mafunzo, kwani mtu aliyeshika simu mbele ya jokofu linalopata joto hasomi sababu.

Miezi michache baadaye, Jumapili, simu yangu iliita. Wakati huo mratibu wa chanjo nilikuwa mimi. "Sista, shikamoo kazini kwako, hii kitu inasoma tisa," alisema mlinzi. Mlango haukuwa umefungwa sawasawa. Vibandiko vya vichupa vilikuwa bado vyeupe katikati, na hatukutupa hata kimoja. Kwenye fomu ya siku ile kuna namba 9, saa 12 jioni, na sahihi ya mlinzi.