Barua ya Kwanza kwa Mavyaa Wako

Mwanangu,

Huku Pangani hatujambo. Baba yako mguu umepata nafuu.

Nimesikia kwamba tangu utoke eda ya mumeo hujawaandikia wakweo hata neno, na kwamba barua unayoiandaa ni ya kudai nyumba ya Tanga. Usingizi umenipaa. Haki yako sikukatazi. Nakukataza kuifanya ndiyo salamu yako ya kwanza.

Mama yako mdogo alipofiwa na mumewe alimwandikia shemeji yake ukurasa mzima wa minazi na hati za shamba. Barua ile ikamfikia mavyaa wake, naye hakujua kusoma, akasomewa na wajukuu barazani, mbele ya watu waliokuja kumpa pole. Marehemu hakutajwa ila kama mwenye mali. Toka hapo watoto hawakuitwa hata kwenye hitima ya baba yao. Miaka ikapita, binti akaposwa. Babu hayupo, kaka yake hajabaleghe, kwa hiyo walii ni ami yake, shemeji yule yule. Mjomba haozeshi, hata kama ndiye aliyemlea. Ami akawa hapatikani, posa ikalala, mpaka shauri likafikishwa kwa kadhi. Nilikuwepo: binti aliozeshwa na mtu asiyemjua, na ami yake anakaa mtaa wa pili.

Nawe una binti, na kaka yake bado mdogo.

Basi andika barua mbili. Ya kwanza iwe ya mavyaa wako peke yake. Mweleze watoto wanavyosoma, nani anafanana na baba yake, na umuulize hitima ya mwaka ataifanya lini ili uwapeleke. Nyumba usiitaje.

Akishajibu, mwandikie shemeji mkubwa, uombe kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi, maana Mahakama ya Mwanzo itataka muhtasari wa kikao hicho. Katika barua hiyo tanguliza fungu la mavyaa wako. Kwa kuwa kuna watoto, yeye ana sudusi na wewe una thumuni. Nyumba ikiwa ya milioni 72 baada ya madeni, yeye ana 12, wewe 9. Katika 51 zilizobaki mwanao wa kiume anapata 34 na binti 17. Mahari uliyobakiwa ni deni, hulipwa kabla ya mgawo. Mashemeji hawana fungu maadamu marehemu ameacha mtoto wa kiume, lakini hilo usiliandike wewe, mwachie shekhe aliseme.

Posa yako ilipoletwa mimi, shangazi yako, sikuitwa, na sijasahau. Lakini mavyaa wako ndiye aliyekukanda ulipojifungua, mara zote mbili.

Usiandike kwenye kundi la simu, wifi zako wote wamo. Barua ya kwanza niletee kabla ya Ijumaa niisome. Kaka yako anakwenda Tanga, atamkabidhi mavyaa wako mkononi.

Shangazi yako