Kabla ya Kupakia Ufuta: Pima Upepo wa Tairi, Uliza Dereva Ameamka Saa Ngapi

Leo naacha kidogo habari za mbegu na dawa, tuzungumze kuhusu gari linalobeba ufuta wako.

Msimu mmoja hapa Milola mnada ulikuwa kesho yake, na magunia yalikuwa bado kwenye ghala la kijiji. Mfanyabiashara mwenye Kenta mbili alikubali kutusaidia. Mimi ndiye niliyesimama pale nikihimiza, "Jamani, safari moja tu tena." Dereva alikuwa macho tangu saa 10 alfajiri, na alikuwa amesaidia kupakia. Saa 4 usiku, safari ya tatu ya kwenda Lindi, gari liliingia mtaroni. Utingo alivunjika mguu. Nilipomtembelea dereva aliniambia, "Bwana shamba, usingizi haukubisha hodi." Hadi leo nakumbuka kwamba sauti iliyomharakisha ilikuwa yangu.

Asubuhi fundi alitazama gari. Tairi moja ya nyuma, ya nje, ilikuwa imepasuka. Ya ndani yake ilikuwa na upepo kidogo sana, ila kwa macho ilionekana nzima. Hatukujua kipi kilianza, usingizi au tairi. Kwa hiyo tulirekebisha vyote viwili, nawe fanya hivyo.

Tuanze na tairi. Tairi za nyuma za Kenta zimekaa mbili mbili. Ya ndani ikipungua upepo, hailali chini kama pancha ya kawaida, kwa sababu ya nje inaishikilia. Ya nje sasa inabeba mzigo wa mbili, huku ya ndani inajikunja na kupata joto hadi nyuzi zake zinaachana. Kugonga kwa wili spana hakutoshi, maana tairi iliyopungua robo ya upepo inalia karibu sawa na iliyojaa. Nunua geji. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, tairi zote sita na spea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha gari au kitabu chake. Andika namba kwenye daftari. Tairi inayopungua kila wiki kuliko wenzake ina tundu au vali mbovu. Paka povu la sabuni utaona mapovu. Ukikuta namba imepanda mchana njiani, usitoe upepo. Ni joto tu. Ukiutoa, kesho tairi itakuwa pungufu.

Tairi pia inakuambia ilivyotunzwa. Ikiisha kashata pande zote mbili, ilikosa upepo. Ikiisha katikati, ilizidishiwa. Ikiisha upande mmoja, magurudumu hayajanyooka, mpeleke fundi gari kabla hujanunua tairi nyingine.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme tairi moja ni shilingi 350,000, sita ni 2,100,000. Zikienda kilomita 50,000, kila kilomita imekula shilingi 42. Zikiisha kwa kilomita 30,000 kwa kukosa upepo, imekula 70. Gari linalotembea kilomita 3,000 kwa mwezi linapoteza 84,000 kila mwezi. Geji inarudisha bei yake mapema.

Sasa dereva. Tulidhani uchovu ni wa wanaokwenda Dar, kumbe Lindi ni karibu lakini siku ilikuwa ndefu. Usihesabu saa za usukani peke yake. Hesabu tangu alipoamka, na kupakia kumo ndani. Watafiti wamepima wakakuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anachelewa kuitikia kama aliyekunywa pombe. Yule wetu alikuwa na saa 18. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, akisinzia sekunde 4 tu, limetembea mita 67 bila dereva.

Yule mfanyabiashara sasa ana kanuni tatu, zimebandikwa ndani ya mlango wa gari. Dereva hashiki usukani zikipita saa 14 tangu aamke. Safari ndefu, kila saa 2 anasimama dakika 15. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri gari linalala. Akipiga miayo mfululizo, au asikumbuke kijiji alichopita, anaegesha pembeni na kulala dakika 20. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakuondoi usingizi.

Ila kanuni hizo zilikuwa zinavunjwa hadi alipobadili malipo. Zamani alilipa kwa safari, basi kila dereva alitafuta safari ya nne. Sasa analipa kwa siku, na akilala njiani anapewa posho ya kulala.

Nasi wenye mzigo tuna sehemu yetu. Kabla hujapandisha gunia la kwanza, muulize dereva, "Umeamka saa ngapi?" Jibu lisipokuridhisha, ufuta wako na ulale ghalani hadi asubuhi.