Damu ya Moyo na Damu ya Paja

Mimi ni mkemia. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima damu, mkojo, maini na mabaki ya tumboni ya watu waliokufa vifo vyenye utata, kisha kuandika ripoti ambayo mahakama inaweza kuipokea kama ushahidi. Wengi hudhani swali gumu kwetu ni "sumu gani?" Hilo mashine hutusaidia kulijibu. Gumu ni kusema kiwango kilichopatikana kina maana gani, na jibu lake huanzia chumba cha maiti, pale daktari anapochagua mahali pa kuchomeka sindano.

Nitaeleza kesi moja, nikiwa nimeficha mambo yanayoweza kumtambulisha mtu.

Mzee mmoja wa miaka sitini na kitu alikutwa asubuhi amekufa kitandani. Alikuwa na kisukari cha muda mrefu, na miguu ilikuwa ikimuwaka moto usiku kwa sababu ya mishipa ya fahamu iliyoharibika. Kliniki ilimpa amitriptilini, dawa ya bei nafuu inayotibu sonona na pia hutuliza maumivu ya namna hiyo. Alimeza vidonge viwili vya miligramu 25 kila usiku. Aliyempikia na kumpa dawa ni mke wa mwanawe, na nyumbani kulikuwa na ugomvi wa kiwanja. Ndugu wakasema mzee ameuawa. Mama yule akakamatwa.

Mwili ulichunguzwa siku ya tatu, katika chumba cha maiti ambacho jokofu lake halikuwa likipoza vizuri. Kwetu ikaja chupa moja ya damu. Lakiri ilikuwa nzima, namba ya kielelezo ililingana na ile ya kwenye fomu, na ndani ya chupa kulikuwa na floraidi ya sodiamu inayozuia vijidudu kuichachua damu. Ila kwenye lebo, baada ya jina na tarehe, kulikuwa na neno moja tu: "Damu".

Tulianza na kipimo cha awali, kadi inayotumia kingamwili kutambua dawa za jamii ya amitriptilini. Ikaonyesha zipo. Kadi hiyo haitoshi kumhukumu mtu, kwa kuwa kingamwili hutambua umbo la molekuli, na dawa nyingine zenye umbo la kukaribiana huweza kuidanganya. Kabamazepini, dawa ya kifafa, ni mojawapo. Kwa hiyo kadi ikisema "ipo", mkemia husoma "huenda ipo, kathibitishe".

Uthibitisho hufanywa kwa mashine inayotenganisha vilivyomo kwenye damu kimoja kimoja, kisha kupima uzito wa kila molekuli na wa vipande vyake inapovunjwa. Amitriptilini huonekana kwa uzito wa 278 ikivunjika na kutoa kipande cha 233. Mwili huigeuza kuwa nortriptilini, nayo huonekana kwa 264 ikitoa kipande hicho hicho cha 233. Katika kila sampuli tunatia kiasi kinachojulikana cha amitriptilini yenye haidrojeni nzito, ili kama sehemu ya dawa imepotea wakati wa kuikamua kutoka kwenye damu, tuone imepotea kwa kiasi gani. Pembeni tunapima damu safi isiyo na dawa. Hiyo ikionyesha dawa, ujue mashine au vyombo vimechafuka, na kazi yote inarudiwa.

Damu safi ilitoka safi. Damu ya mzee ilikuwa na amitriptilini miligramu 0.84 kwa lita na nortriptilini 0.66, yaani jumla ya 1.5. Vitabu vyetu husema mgonjwa aliye hai anayetibiwa vizuri huwa na jumla isiyozidi takribani 0.3, na kwamba ikivuka 1.0 maisha yako hatarini. Mtu akishika namba hizo na jedwali, kesi imekwisha.

Mpelelezi alikuja na kikokotoo. Alikuwa amesoma mahali kwamba kila kilo ya mwili hubeba dawa hii kana kwamba imeyeyushwa katika lita 15 hivi. Akazidisha 0.84 kwa 15, kisha kwa kilo 60 za mzee, akapata miligramu 756.

"Mkemia, hivi si vidonge thelathini hivi?"

"Afande, hesabu yako haina kosa," nilimwambia, "ila hiyo ni hesabu ya mtu aliye hai. Kwanza tujue damu hii imetoka wapi."

Nilimpigia simu daktari aliyechunguza mwili. Akasema ameichota moyoni, kwa sababu ndiko damu ilikopatikana kwa wingi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Amitriptilini hupenda mafuta, na mtu anapokuwa hai haikai sana kwenye damu. Hukimbilia ndani ya chembe za ini, mapafu na msuli wa moyo, na humo hujilimbikiza mara nyingi kuliko ilivyo kwenye damu. Chembe hai huishikilia. Mtu akifa, oksijeni hukoma, tindikali huongezeka, kuta za chembe huanza kubomoka, na dawa huvuja kurudi kwenye mishipa iliyo jirani. Jirani wa mapafu na ini ni moyo. Ndiyo maana damu ya moyo huzidi kupanda kiwango wakati mwenyewe hamezi tena kitu. Uvujaji huanza saa za mwanzo tu baada ya kifo, na joto na kuchelewa huuongeza. Paja liko mbali na viungo hivyo, kwa hiyo damu yake huathirika kidogo zaidi, ingawa nayo haisalimiki kabisa.

Bahati ilikuwa kwamba ndugu walikuwa bado wanavutana kuhusu mahali pa kuzika, na mwili ulikuwa haujatoka chumba cha maiti. Kwa amri halali uchunguzi ulirudiwa. Nilimwomba daktari aufunue mshipa wa vena wa paja, aufunge kwa uzi upande wa juu ili damu ya tumboni isiteremke, ndipo achome chini ya fundo. Asiukamue mguu ili kupata damu nyingi, kwani kuukamua ni kuivuta damu ya mahali pengine. Nikaomba pia kipande cha ini na chote kilichomo tumboni, kila kimoja katika chombo chake kikavu, bila formalini.

Damu ya paja ilikuwa na amitriptilini 0.24 na nortriptilini 0.21. Ya moyo ilizidi ile ya paja kwa zaidi ya mara tatu, katika mwili ule ule. Tena damu ya paja ilichotwa siku kadhaa baada ya ile ya moyo. Muda ungekuwa umebadili chochote, ungeipandisha.

Jumla ya 0.45 bado ilikuwa juu ya kiwango cha kawaida, na sikutaka kulificha hilo. Mzee wa umri wake huisafisha dawa polepole, na hata paja hupokea uvujaji kiasi. Lakini namba hiyo peke yake haikuweza kusema ni lipi kati ya hayo, wala kukanusha kwamba alimeza zaidi ya kawaida. Ilibidi tuangalie mengine.

La kwanza ni uwiano wa dawa na zao lake. Mtu akinyweshwa vidonge vingi kwa mkupuo akafa baada ya saa chache, amitriptilini kwa kawaida huiacha nortriptilini mbali, maana ini halijapata muda wa kuigeuza. Kwa mzee zilikaribia kulingana, kama kwa mtu aliyeitumia wiki nyingi. La pili ni ini lenyewe. Lilikuwa na jumla ya miligramu 6 kwa kilo, ilhali waliokufa kwa kuzidisha dawa hii mara nyingi hukutwa na makumi. La tatu ni tumbo. Hapa mkemia asiangalie ukali wa dawa kwenye tone, apime mzigo wote uliomo. Katika mililita 180 za mabaki tulipata miligramu 2, ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya kidonge kimoja, na hapakuwa na chembechembe za vidonge.

La nne halikutoka maabara. Nilimwomba mpelelezi ahesabu vidonge vilivyobaki. Kliniki ilitoa 60, usiku 11 zilikuwa zimepita, na kwa vidonge viwili kila usiku vilipaswa kubaki 38. Vilikuwa 38. Hilo halithibitishi kwamba hakukuwa na vidonge kutoka kwingine, lakini vile thelathini vya kwenye kikokotoo havikutoka kwenye pakiti ile.

Niliandika kwamba amitriptilini na nortriptilini zimepatikana, kwamba kiwango cha damu ya moyo hakifai kutafsiriwa wala kukokotolea idadi ya vidonge, na kwamba matokeo yote yakisomwa pamoja yanaendana na matumizi ya kila siku na hayaungi mkono kumezwa kwa wingi kwa mara moja. Sikuandika kilichomuua, kwa kuwa hiyo ni kazi ya daktari. Yeye alikuta mishipa ya moyo imeziba vibaya, akaandika hivyo. Upande wa mashtaka ukaiondoa kesi, na mama yule akarudi kwa watoto wake.

Wenzetu wengine walipitia magumu zaidi. Mwaka 1981 muuguzi wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, alishtakiwa kwa kuua vichanga kwa digoksini, dawa ya moyo. Mwaka uliofuata hakimu alimwachia, akiona ushahidi hautoshi kumpeleka kwenye kesi kamili. Vifo vile vilibishaniwa kwa miaka, na jambo moja likadhihirika kwa wanataaluma: digoksini nayo hupanda kwenye damu baada ya kifo, na watoto wachanga wanaweza kuwa na kemikali za asili ambazo vipimo vya wakati huo vilizisoma kama digoksini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Daktari, andika kwenye lebo damu umeichota wapi na saa ngapi baada ya kifo, na ukiweza chota ya paja kabla ya kuufungua mwili. Mpelelezi, leta pakiti za dawa na orodha ya matibabu pamoja na damu, na usigeuze kiwango cha maiti kuwa idadi ya vidonge. Wakili, uwe wa serikali au wa utetezi, ripoti ikikufikia yenye namba moja na neno "damu" peke yake, mwite mkemia kizimbani umuulize imetoka wapi. Akishindwa kukujibu, namba hiyo isimfunge mtu.